Shajara ya mnara wa tanki: kutafuta urefu wa bolti

2 Juni

Kazi ni mnara wa mita 6 wa kubeba tanki la lita 5,000, kwa zahanati moja ya kijijini, mwendo wa saa tatu kutoka Morogoro. Kule hakuna umeme wa kuchomelea, na lori haliwezi kupita na kitu cha mita 6 kilichosimama. Kwa hiyo tumekubaliana na mhandisi kwamba mnara utajengwa vipande viwili vya mita 3, tutoboe kila kitu hapa karakana, na kule iwe kazi ya spana tu.

Leo tumemaliza kukata miguu. Ni chuma cha pembe cha 90 kwa 90, unene milimita 8. Vyuma vya msalaba ni vya 60 kwa 60, unene 6. Mabamba ya kiungio cha vyuma vya msalaba ni 10. Juu kabisa kuna chaneli za 120 za kukalisha tanki.

Kijana wangu kaniuliza tuagize bolti gani. Mchoro unasema "M16" na "M12", basi. Hicho ni kipenyo, urefu haukuandikwa. Nimemwambia tusubiri mpaka tupime chuma chenyewe.

4 Juni

Asubuhi nimepita na kalipa kwenye kila kiungio. Sikutaka kuandika unene wa kwenye risiti, maana "nane" ya sokoni mara nyingine ni 7.6. Hii yetu imesoma 7.9 hadi 8.0, safi. Nimepima karibu na tundu lenyewe, baada ya kulisafisha, kwa sababu makovu ya drili yanaweza kukudanganya robo milimita.

Hesabu niliyoibandika ukutani ni hii:

```
L = t + w1 + w2 + m + p
```

L ni urefu wa bolti, kuanzia chini ya kichwa hadi ncha. Kichwa cha pembe sita hakihesabiwi. (Bolti za kichwa kinachozama kwenye chuma hupimwa pamoja na kichwa chake, ila hapa hatuna.) t ni unene wote unaobanwa, w1 ni washa ya chini ya kichwa, w2 ni washa ya chini ya nati, m ni kimo cha nati, na p ni mkia, yaani ile ncha inayotokeza nje ya nati.

Kuhusu mkia, mhandisi wetu anafuata kanuni ya Ulaya ya EN 1090-2. Inataka utokeze angalau hatua moja nzima ya uzi, ukipima kutoka uso wa nje wa nati hadi ncha. Kwa M16 hatua ni milimita 2, kwa M12 ni 1.75. Sababu yake unaiona ukishika bolti mkononi: ncha imekatwa mshazari na uzi wa kwanza haujakamilika. Ncha ikiwa sawasawa na uso wa nati, ule uzi wa mwisho ndani ya nati unashika kitu kisicho kamili, na nati yote haifanyi kazi yake.

Kiungio cha miguu, pale mita 3 za chini zinapokutana na mita 3 za juu, kina tabaka tatu: bamba la nje 8, mguu 8, bamba la ndani 8. Jumla 24. Washa za M16 ni 3 kila moja, ziko mbili, 6. Nati nimeweka 14.8, mkia 2. Inakuja 46.8. Dukani hakuna bolti ya 46.8, zinakwenda 40, 45, 50, 55, 60, kwa hiyo ni 50. Mkia halisi utakuwa 50 ukitoa 24, ukitoa 6, ukitoa 14.8, unabaki 5.2. Ni zaidi kidogo ya nyuzi mbili na nusu. Hata bolti ikija fupi kwa nusu milimita, na washa zikija nene 3.3, na rangi ikaongeza kidogo, bado mkia unazidi milimita 3.

Nimeagiza M16 ya 50 vipande 48: 32 za miguu na 16 za chaneli za juu. M12 nimeacha kwanza.

5 Juni

Kijana kaenda Kariakoo usiku na basi, karudi jioni. Kabla ya kufungua mifuko nimemwomba nati kumi niziweke mezani.

Nati za M16 zilikuwa za aina mbili ndani ya mfuko mmoja. Sita zilisoma karibu 14.5, nne zilisoma karibu 12.8. Za kwanza ni za kipimo cha ISO 4032, ambacho ukomo wake wa juu ni 14.8. Za pili ni za DIN 934 ya zamani, kimo 13. Tofauti ni karibu milimita 2, yaani uzi mmoja mzima, na kwa macho huioni mpaka uziweke sambamba. Mbaya zaidi, kwa M16 zote mbili zinaingia spana ya 24, kwa hiyo hata mkono haukuambii kitu. Kwa M12 spana ingekushtua, maana ya ISO ni 18 na ya DIN ni 19.

Hesabu yangu niliifanya kwa ile ndefu, kwa hiyo fupi haitapunguza mkia, itauongeza. Lakini sipendi kuchanganya. Miguu itapata za 14.8 tu. Fupi tumezitenga kwenye kopo la rangi.

Bolti sikuzipima. Nilichoka, nikaandika "zimepokelewa" na kwenda kula. Nimeliweka hili hapa kwa sababu ya kilichotokea keshokutwa yake.

7 Juni

Tumesimamisha kiungio cha mguu wa kwanza hapa uani kwa majaribio. Kijana akakaza zote nane. Nikamsikia anaita, "Bosi, njoo uone. Hii imekaza kabisa, spana haiendi, lakini washa inacheza."

Nikaenda. Nimeshika washa kwa vidole viwili, ikazunguka kama pete. Nikachukua msumeno wa chuma, nikatoa wembe wake, ambao unene wake ni kama milimita 0.65. Ukapita kati ya bamba na washa bila kusukumwa. Na spana ilikuwa imegota kweli, sikuweza kuiongeza hata robo ya mzunguko.

Bolti yenyewe ilikuwa ndefu mno. Nimetoa kalipa: 70. Kijana akaeleza kwamba dukani 50 zilikuwa 20 tu, na muuzaji akamjazia 28 za 70 akisema ndefu ndiyo nzuri, inashika zaidi. Alinipigia simu, akasema, na mimi nikamjibu "sawa". Nakumbuka sasa. Nilikuwa juu ya ngazi.

Sasa angalia kwa nini ndefu haikushika. Bolti hizi zina nyuzi nusu, sehemu nyingine ni shina tupu. Kwa bolti za kawaida za kipimo hiki ambazo hazizidi milimita 125, sehemu ya nyuzi ni kipenyo mara mbili, ongeza 6. Kwa M16 ni 38. Kwa hiyo ya 70 ina 32 kutoka chini ya kichwa ambazo nati haiwezi kuingia vizuri: shina tupu, na mwisho wake zile nyuzi zinazofifia kabla hazijawa kamili.

Kiungio kinataka nati ikae wapi? Chuma 24, washa mbili 6, jumla 30 kutoka chini ya kichwa. Nyuzi kamili zinaishia 32. Nati ikafika pale, ikagota kwenye nyuzi zinazofifia, na bado ilikuwa na safari ya karibu milimita moja mpaka ibane. Mkono unapata upinzani mkali, akili inasema imekaza. Kumbe nati imeibana bolti yake yenyewe, na mabamba hayajaguswa.

Kwa hiyo hesabu ya ukutani ina upande wa pili ambao sikuuandika. Mkia unakuambia bolti isiwe fupi kuliko kiasi gani. Shina linakuambia isiwe ndefu kuliko kiasi gani. Nimeongeza mstari:

```
L - b < t + w1 + w2
```

b ni urefu wa nyuzi. Na si kwa kuponea chupuchupu: kanuni ile ile inataka angalau uzi mmoja kamili ubaki wazi kati ya uso wa nati na shina, ukiacha zile zinazofifia. Kwa ya 70 tulihitaji 32 na 2, yaani 34, tukawa na 30. Kwa ya 50 yenye nyuzi nusu, 50 ukitoa 38 ni 12, dhidi ya 30. Nafasi ni tele.

Hapa kuna jambo ambalo lilinipita kwa miaka. Chuma kikiwa chembamba kuliko kwenye karatasi, mkia unarefuka na unafurahi, lakini nati inasogea karibu na shina. Kipimo kimoja kinaweza kukuokoa upande huu na kukuangusha upande ule.

Kijana kapendekeza tuongeze washa mbili kila bolti. Kwa hesabu inawezekana: nati ingehamia 36, ikavuka 32 kwa nyuzi mbili, mkia ukabaki 19 na zaidi. Nimempigia mhandisi. Hakukataa kwamba ingebana, ila kasema kwa miguu ya mnara anataka bolti ya kipimo chake, na washa za kujazia tuzitumie tu kwa kushikilia wakati wa kusimamisha. Nimekubali. Mkia wa milimita 19 kwenye mguu, kichwa cha mtoto kinapopita, nao sikuutaka.

8 Juni

28 za 70 zimerudishwa dukani. Walizipokea, ila nauli ni yetu.

Za 50 tulizoletewa badala yake zina nyuzi hadi kichwani. Kijana akauliza kama hizo ni dhaifu. Swali zuri. Pale mabamba yanapotaka kuikata bolti, kwetu ni milimita 11 na milimita 19 kutoka chini ya kichwa ukihesabu washa, mkato utapita kwenye nyuzi na si kwenye shina. Eneo la M16 kwenye nyuzi linahesabiwa 157, kwenye shina ni 201, kwa milimita za mraba. Yaani umepoteza zaidi ya moja ya tano. Nilimwandikia mhandisi; akajibu alikokotoa miguu kwa 157 tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Angekuwa amekokotoa kwa 201, tungepaswa kutafuta bolti yenye shina, na urefu wa shina ungekuwa hesabu nyingine.

Kiungio cha mguu kimekazwa upya. Washa hazizunguki. Wembe wa msumeno hauingii popote. Mkia nimepima bolti zote nane: mfupi 5.0, mrefu 5.7.

10 Juni

Vyuma vya msalaba. Hapa kijana kafanya hesabu mwenyewe na kuniletea karatasi, nami nimefurahi kuona ameongeza mstari wa shina.

Ncha za msalaba zinafungwa kwenye bamba la kiungio: 10 na 6, jumla 16. Washa za M12 ni 2.5, ziko mbili, 5. Nati 10.8, mkia 1.75. Inakuja 33.55, akachagua 35.

Katikati, pale vyuma viwili vinapopishana, kaandika 6 na 6, jumla 12. Ukiongeza vingine inakuja 29.55. Kachagua 30.

Nikamwambia achukue vyuma viwili avifunge kwa muda kwenye bamba lake, halafu aangalie katikati kwa macho. Kaenda. Karudi kimya, kafuta namba.

Kimoja kinafungwa mbele ya bamba na kingine nyuma. Bamba ni 10. Kwa hiyo pale katikati havigusani, kuna pengo la 10 kati yake. Kuna mafundi wanaokaza tu mpaka vikutane, na vyuma vinapinda kama upinde kabla mnara haujasimama. Tutaweka kijazio cha bamba la 10 lenye tundu. Basi kinachobanwa si 12, ni 22. Ile ya 30 ingefika kwenye nati ikiwa na milimita 3 tu za kuingia, nyuzi moja na nusu hivi, na kwa mbali ingeonekana imefungwa.

Kwa 22 hesabu inakuja 39.55. Karatasi inasema 40. Mimi nasema hapana. Zimebaki 0.45, na bolti ya 40 inaruhusiwa kutoka kiwandani ikiwa 39.5. Washa moja ikiwa nene kidogo, umekosa. Nafasi ikiwa ndogo kuliko utofauti wa vitu vyenyewe, nenda urefu unaofuata. 45.

11 Juni

Mhandisi kapiga simu. Kwa sababu ya upepo, vyuma vya msalaba vitakuwa vinavutwa na kusukumwa kwa zamu, na bolti zake hatuzikazi kwa nguvu iliyopimwa. Anataka nati zenye pete ya plastiki ndani ili zisijilegeze.

Kwa hiyo m imebadilika. Nati hizi tulizopata za M12 zina kimo cha 12, si 10.8. Ncha za msalaba zinakuwa 16 na 5 na 12, yaani 33. Kwa bolti ya 35 mkia unabaki 2.0. Kwa karatasi inapita. Lakini pete ya plastiki iko juu kabisa ndani ya nati, na bolti ikiwa fupi kidogo, kinachoishia ndani ya pete ni ile ncha ya mshazari. Plastiki inashika hewa. Njia ya kutambua ni rahisi: unapozungusha nati kwa mkono, inaenda laini, halafu inapofika kwenye plastiki inakuwa nzito na lazima ushike spana. Kama haijawahi kuwa nzito mpaka ikakalia washa, pete haijakamata uzi.

Hapo 40 ingetosha kwa ncha na 45 kwa katikati. Lakini nawajua vijana wangu na nawajua watu wa kijijini watakaotusaidia. Bolti za 40 na 45 kwenye ndoo moja, juu ya ngazi, jua la saa sita: zitachanganyika. Nimejaribu 45 kila mahali. Kwenye ncha mkia unakuwa 45 ukitoa 33, yaani 12. Ni mrefu, haupendezi, ila hauumizi kitu. Shina: nyuzi za M12 ni 30, kwa hiyo shina ni 15, na nati inakaa kwenye 21. Inapita vizuri. Katikati mkia ni 6.

Tumeagiza M12 ya 45, vipande 72. 64 za ncha, 8 za katikati. Urefu mmoja.

Chaneli za juu nimezimaliza haraka. Bawa la chaneli lina mteremko upande wa ndani, kwa hiyo chini ya nati inakwenda washa ya kabari, vinginevyo nati inakalia ukingo mmoja na bolti inapinda. Unene wa bawa na wa kabari vyote hupimwa katikati ya tundu, si pembeni. Nimepata bawa 9, bamba la juu ya mguu 10, kabari karibu 5, washa ya kichwa 3, nati 14.8, mkia 2. Jumla 43.8. Ya 45 ingetosha kwa shida. Ya 50 inaacha mkia wa 8.2, na ndiyo tuliyonayo. Kwa hiyo mnara mzima una urefu wa aina mbili tu.

17 Juni

Kijijini. Miguu ya chini imesimama saa nne asubuhi, ya juu saa nane. Wazee walikaa kwenye kivuli cha mwembe wakihesabu bolti kwa sauti, mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, hizi ncha zilizotokeza hazitakatwa?" Nikamwambia, "Hapana, mzee, hizo ndizo zinazotuonyesha kama nati imeshika." Akacheka, akasema basi atazihesabu kila Ijumaa.

Bolti moja ya katikati ya msalaba ilikataa kuonyesha mkia. Nikadhani ni fupi. Tukaifungua: kijazio cha 10 kiliwekwa mara mbili, vipande viwili vilishikana kwa rangi. 32 badala ya 22. Kimoja kikatolewa kwa patasi, mkia ukarudi.

18 Juni

Nimepanda kukagua zote 120 kwa mpangilio, mguu kwa mguu. Kwa kila moja naangalia ncha imetokeza, nasukuma washa kwa kidole gumba, halafu napiga mstari wa rangi nyeupe kutoka ncha, juu ya nati, hadi kwenye chuma. Washa moja ya chaneli ilizunguka. Kabari ilikuwa imegeuzwa, upande mnene umekalia upande mnene wa bawa. Imegeuzwa, imekazwa, imetulia.

Tanki limepandishwa saa kumi jioni, likajazwa nusu.

26 Juni

Tanki limejaa tangu tarehe 19. Mistari ya rangi kwenye miguu yote iko sawa. Kwenye msalaba wa upande wa mashariki mstari mmoja umehama kama milimita 2. Nati ya M12, ncha ya chini. Nimeifungua nione. Plastiki yake ilikuwa imechakaa. Kumbe ni nati iliyofunguliwa na kufungwa mara tatu wakati wa kusimamisha. Nimeweka mpya, nimepiga mstari mpya, na zile zilizotumika nimezitupa kwenye ndoo ya chakavu zisirudi karakana.

Mzee wa mwembe kasema alihesabu 119. Tumehesabu pamoja. Moja ilikuwa nyuma ya bomba.